Uchumba usipolingana: jinsi ya kuuvunja mapema, kwa heshima, bila kufikishana ofisini

Tangu mwaka huu uanze, dawati letu la ustawi wa jamii hapa halmashauri limekuwa likipokea malalamiko yanayofanana. Watu wazima wawili wamefahamiana mwezi mmoja au miwili kwa nia ya kuoana. Mmoja ameona mambo hayaendani, ameanza kupiga chenga, kisha amefunga namba. Mwenzake anakuja kwetu na karatasi yenye hesabu ya vocha, nauli na hela ya kusukia, anataka sheria ichukue mkondo wake.

Tunaamini wengi wa wanaokuja wana nia njema. Hata hivyo ni vizuri ieleweke kwamba ofisi hii haina fungu wala mamlaka ya kurejesha vocha.

Nitaeleza shauri moja, nikiwa nimebadilisha mambo madogomadogo ili wahusika wasitambulike. Mwanamke ni mwalimu wa sekondari na mwanamume ni fundi majokofu, wote Waislamu, wote wamevuka miaka 25. Walikutana kwenye kamati ya harusi ya binamu wa yule mwalimu. Wiki ya pili fundi akamnunulia mwenzake simu ya mkononi iliyotumika, maana ya kwake ilikuwa imepasuka kioo. Akamtumia hela mara mbili, jumla shilingi 60,000 na ya kutolea. Wiki ya tatu, wakiwa katika maongezi ya kawaida, fundi akasema yeye mke wa pili ataoa Mungu akimjalia, kwa kuwa baba yake alikuwa na wake wawili na nyumba ilitulia.

Mwalimu alidhani ni utani. Baada ya siku kadhaa akamuuliza tena, safari hii wakiwa wametulia, na jibu likawa lilelile, bila hasira wala kuzungushana. Hapo ndipo watu wengi hukosea kusoma. Fundi hakudanganya na mwalimu hakuwa na makuu. Walikuwa watu wawili waungwana wanaotaka ndoa za aina mbili tofauti, na kila mmoja alikuwa na haki ya kutaka anachotaka.

Mwalimu alitueleza kwamba wakati ule alijipa moyo: nikishaingia ndani nitambadilisha. Naomba nikae kidogo kwenye sentensi hii, kwa sababu tunaisikia karibu kila wiki na inatuchosha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi au inayoweza kuwa ya wake wengi. Ndoa iliyofungwa Kiislamu huchukuliwa kuwa ya aina hii ya pili mpaka ithibitike vinginevyo. Kuibadilisha iwe ya mke mmoja kunahitaji tamko la hiari la wanandoa wote wawili, kwa hiyo asiyetaka hawezi kuburutwa. Mke aliyepo anaweza kuweka pingamizi mume anapotoa taarifa ya kuoa tena, lakini sababu zinazokubalika ni chache. Mojawapo ni kwamba kipato cha mume hakitoshi na familia itapata taabu. Kusema tu “sitaki mke mwenza” si mojawapo. Basi anayeingia akitegemea kumbadilisha mwenzake ajue kwamba sheria haitamsaidia kazi hiyo.

Tunaulizwa utajuaje kama tofauti ni ya kuvumiliana au ya kuachana. Njia tunayoitumia kwenye ushauri ni ile aliyoifanya mwalimu bila kufundishwa: uliza jambo lilelile mara mbili, siku tofauti, mkiwa mmetulia. Jibu likibadilika kila mara, huenda mwenzako bado anatafakari na mnaweza kuzungumza. Likibaki palepale, liamini. Kisha jiulize, hali hii ikibaki hivi hivi mpaka watoto wafike sekondari, utaishi nayo? Tofauti ya chakula, ya kuchelewa kulala, ya nani anapenda mpira, watu huishi nazo. Anayetaka ndoa na anayetaka kampani tu hawawezi kukutana katikati. Vivyo hivyo anayetaka watoto na asiyetaka, au anayetaka mwenzake abadili dini na asiye tayari kubadili.

Kuna dalili nyingine ndogo ambayo huwa haidanganyi. Ukiona kuna jambo moja la mwenzako unaliruka kila unapomsimulia mama au shangazi habari zake, jambo hilo ndilo lenyewe.

Turudi kwenye shauri. Mwalimu alikuwa ameshapata jibu wiki ya nne, lakini hakusema. Alianza kujibu ujumbe kwa mkato: niko bize, nina mitihani ya kusahihisha. Fundi akaamini ni mitihani kweli, akaendelea na mipango yake, akamweleza mjomba wake, na mjomba akaanza kutafuta watu wa kupeleka barua ya posa. Siku tisa baadaye mwalimu akatuma ujumbe: “Kwa sasa siko tayari.” Maneno hayo “kwa sasa” ndiyo yaliyoleta balaa. Kwa fundi yalimaanisha subiri, naye akasubiri wiki mbili zaidi. Wazee wawili wakapanda basi kutoka Singida, na nauli akalipa yeye. Walipofika, akaambiwa na binamu kwamba yule bibie alishamaliza habari zamani.

Akaja kwetu amefura. Alitaka simu, 60,000, nauli ya wazee na fidia ya kuaibishwa.

Hapa naomba wananchi wanifuate taratibu, maana ndipo penye upotoshaji mwingi. Kifungu cha 69 cha Sheria ile ile ya Ndoa kinaruhusu kudai fidia kwa kuvunjwa ahadi ya ndoa. Lazima kwanza ahadi yenyewe iwepo. Kuchati kila usiku si ahadi ya ndoa, na kuitana mke wangu kwenye simu peke yake hakutoshi. Pili, mtu hawezi kushtakiwa ikiwa alipotoa ahadi alikuwa chini ya miaka 18. Tatu, mahakama haitoi zaidi ya hasara halisi iliyotokana na gharama ulizoingia kwa sababu ya ahadi hiyo, kama ukumbi uliolipiwa au nguo zilizoshonwa. Fidia ya aibu au ya moyo kuuma haimo. Nne, shauri lifunguliwe ndani ya mwaka 1 tangu ahadi ilipovunjwa.

Zawadi zina kifungu chao, cha 71. Inarudishwa zawadi ambayo mahakama imeridhika kwamba aliyeitoa aliitoa kwa sharti kwamba ndoa ifungwe, nayo haikufungwa. Nje ya hapo hairudi. Fedha iliyoletwa na barua ya posa ina nafasi kubwa ya kuonekana ya namna hiyo. Bando, chipsi, nauli ya kuja kukusalimia na simu ya wiki ya pili ni ukarimu wa mtu anayemtaka mwenzake, na ukarimu haudaiwi risiti.

Anayeona bado ana madai aanze kwa mtendaji wa mtaa au kijiji apate barua ya utambulisho, aje nayo pamoja na kitambulisho na kumbukumbu za malipo, sisi tutamwandikia mwenzake wito. Wito wetu ni wa kusuluhisha. Hatuna uwezo wa kumlazimisha mtu kulipa. Asiyeridhika afungue shauri mahakamani, na wengi huanzia Mahakama ya Mwanzo.

Fundi hakwenda huko. Mwalimu alikuwa hajamwahidi ndoa wala kuomba wazee waje. Alirudisha simu kwa hiari yake, na kwa maoni yangu alifanya vyema ingawa hakulazimika. Tulipomuuliza fundi ni kipi hasa kilichomuuma, hakutaja hela. Alisema ni kuambiwa na binamu mbele ya wazee.

Ndiyo maana tunasisitiza namna ya kusema. Kama mmeshaonana zaidi ya mara moja, piga simu au mkutane mchana, sehemu yenye watu. Usimtume shoga yako. Usiseme usiku wa manane, wala akiwa kazini, wala mkesha wa sikukuu. Toa sababu moja ya kweli, isiyomkashifu, na useme mara moja bila kuacha mlango nusu wazi. Kwa shauri hili, wiki ile ya nne, maneno haya yangetosha:

“Nimekuuliza mara mbili habari ya mke wa pili na mara zote umenijibu kweli, nakushukuru. Mimi nataka ndoa ya mke mmoja na hilo halitabadilika. Kwa hiyo naomba tuishie hapa. Tafadhali mwambie mjomba asihangaike na barua. Simu nitampa binamu Jumamosi akuletee.”

Angalieni kilichomo. Sababu ni ya kwake mwenyewe na haimfanyi mwenzake kuwa mtu mbaya. Hakuna “kwa sasa”, wala ahadi ya kubaki marafiki ambayo kesho itamfanya apige simu kuulizia urafiki wenyewe. Wazee wanazuiwa kabla hawajapanda basi, na kilichobaki mkononi kimepangiwa siku. Akiuliza kwa nini, jibu mara moja kwa sababu ileile. Akibembeleza kwa kuahidi kwamba hataoa tena, mkumbushe kwa upole kwamba alijibu kweli pale alipokuwa hana cha kupoteza.

Kama mshenga ameshaingia, mwambie mwenzako kwanza, kisha mshenga siku hiyohiyo, ili habari isitangulie kupitia majirani. Wanaohamia kwa mwenzao “kujaribu” kabla ya kusema wanatia ugumu zaidi. Wengine hutuambia miezi sita ya kukaa pamoja tayari ni ndoa. Si kweli. Sheria inazungumzia miaka miwili au zaidi ya kuishi pamoja huku jamii ikiwachukulia kuwa mke na mume, na hata hapo ni dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi. Lakini ikifika huko, kuachana si suala la ujumbe mmoja tena.

Upole huu wote ni kwa mtu aliyekuwa mwungwana kwako. Ikiwa mwenzako amewahi kukupiga, anakuvizia njiani au anatishia kusambaza picha zako, usipange kukutana naye kumuaga. Mwandikie mara moja kwamba umemaliza, usifute ujumbe wake wowote, na uende Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe. Kutuma ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumsumbua mtu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, na adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Wanaotishia hudhani kwamba kwa kuwa walinunua simu, picha zilizomo ni zao. Hao tunawaona mara nyingi, na wao ndio hushangaa zaidi wakiitwa polisi.

Nenda na simu yenyewe ikiwa na ujumbe wote, pamoja na namba alizotumia kukutumia hela, hata kama umeshazifunga.