Mlinganyo Umesawazika, Mbona Alama Zimekatwa?

Tangu karatasi za zoezi la pamoja la kemia la kidato cha tatu zirudishwe shuleni, kitengo chetu kinapokea barua zenye lalamiko moja. Mzazi au mwanafunzi amehesabu atomi za kushoto na za kulia, ameona zinalingana, na hapohapo anaona kosa limechorwa kwa kalamu nyekundu. Karatasi yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza kama masomo ya sekondari yalivyo, lakini barua zimekuja kwa Kiswahili, nasi tunajibu kwa Kiswahili. Nachukulia kwamba msomaji anajua valensi na anaweza kuandika fomula ya kampaundi ya kawaida.

Jibu fupi ni kwamba mlinganyo unaweza kusawazika na bado ukawa si sahihi. Kusawazisha ni kazi ya mwisho. Kabla yake mtahiniwa anatakiwa awe ameamua ni vitu gani vimeingia na ni vitu gani vimetoka, na uamuzi huo hauletwi na hesabu bali na maneno ya swali. Maswali matatu yaliyolalamikiwa zaidi yanaonyesha jambo hili.

Swali la 2 lilihusu mwako. Lilisema butani, ambayo pamoja na propani ndiyo iliyomo kwenye mitungi ya gesi ya kupikia, inaungua katika hewa ya kutosha. Mwanafunzi anaanza na fomula tupu:

C₄H₁₀ + O₂ → CO₂ + H₂O

Anza na kaboni, kwa kuwa inapatikana sehemu moja tu kila upande. Kushoto zipo nne, basi kulia tunaweka 4CO₂. Fuata haidrojeni: kushoto zipo kumi, na kila molekuli ya maji inabeba mbili, hivyo tunaandika 5H₂O. Oksijeni tunaiacha mwisho kwa makusudi. Upande wa kushoto iko peke yake kama O₂, kwa hiyo ukibadilisha namba yake huvurugi elementi nyingine yoyote. Anayeanza na oksijeni hujikuta anarudi nyuma kila hatua, kisha anasema swali lilikuwa gumu.

Sasa hesabu oksijeni za kulia. CO₂ nne zinatoa nane, maji matano yanatoa tano, jumla kumi na tatu. Kushoto oksijeni zinakuja mbilimbili, hivyo zinahitajika molekuli sita na nusu. Namba hiyo inamtisha mwanafunzi bila sababu. Zidisha mlinganyo wote kwa mbili:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Kaboni nane kwa nane, haidrojeni ishirini kwa ishirini, oksijeni ishirini na sita kwa ishirini na sita. Mwenye shaka apime kwa uzito, akichukua kaboni 12, haidrojeni 1 na oksijeni 16. Butani mbili ni 116 na oksijeni kumi na tatu ni 416, jumla 532. Kulia, 352 za kaboni dayoksaidi na 180 za maji zinatoa 532 ileile.

Barua kadhaa zilitetea jibu hili:

C₄H₁₀ + O₁₃ → 4CO₂ + 5H₂O

Ni kweli kwamba atomi zinalingana. Ila hakuna kitu duniani kinachoitwa O₁₃. Namba ndogo ya chini inaeleza kitu ni nini, na namba kubwa ya mbele inaeleza kipo kiasi gani. Anayegusa namba ya chini ili hesabu itoke amebadilisha kitu chenyewe, na hapo hakuna tena cha kusawazisha. Suala hili limeshafafanuliwa kwa walimu na kwa wanafunzi, na kwa kweli si la kuandikiwa barua.

Kundi la pili lina hoja nzito zaidi. Hawa waliandika:

2C₄H₁₀ + 9O₂ → 8CO + 10H₂O

Hapa fomula zote ni halali, atomi zote zinalingana, na mmenyuko wenyewe upo. Ndio unaotokea hewa inapokuwa haba: mwali unakuwa wa njano, sufuria inashika masizi, na inatoka kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu waliolala na jiko chumbani. Lakini swali lilisema hewa ya kutosha. Mtahiniwa amejibu kwa usahihi swali ambalo hakuulizwa, na mwongozo wa kusahihisha haumpi alama ya vinavyotoka wala ya kusawazisha.

Hapa nieleze alama, maana wengi wanadhani msahihishaji anakata anavyojisikia. Kila swali la zoezi hili lilikuwa na alama nne: moja kwa fomula sahihi za vinavyoingia, moja kwa fomula sahihi za vinavyotoka, moja kwa kusawazisha, na moja kwa alama za hali, yaani (s) kwa yabisi, (l) kwa kimiminika, (g) kwa gesi na (aq) kwa kilichoyeyuka majini. Alama ya tatu haitolewi kama ya kwanza au ya pili imekosekana. Ndiyo sababu fomula moja mbovu inaondoka na alama mbili, na utaratibu huo ulichapishwa juu ya ukurasa wa kwanza wa karatasi. Katika makala hii nimeacha alama za hali kwenye milinganyo mingi ili isomeke kwa urahisi. Kwenye karatasi ya zoezi zilikuwa lazima.

Swali la 5 lilihusu asidi na alkali. Asidi ya salfuriki iliyozimuliwa inabatilishwa kabisa na sodiamu haidroksidi. Neno la kuangalia ni "kabisa". Kila molekuli ya asidi hii ina haidrojeni mbili za kutoa, na kila sodiamu haidroksidi ina OH moja ya kuipokea. Kwa hiyo kabla hata ya kugusa hesabu, tunajua kwamba asidi moja inahitaji alkali mbili, na kwamba maji yatakayotoka ni mawili:

H₂SO₄ + 2NaOH → Na₂SO₄ + 2H₂O

Njia hii ya kuoanisha H na OH ni salama kuliko kuhesabu haidrojeni moja moja, kwa sababu haidrojeni za kushoto zimetawanyika sehemu mbili, na wengi huhesabu za asidi wakasahau za alkali. Kosa la kawaida zaidi lilikuwa kuandika NaSO₄, fomula isiyokuwepo. Salfeti inadai sodiamu mbili, na valensi ndiyo inayoamua hilo, si hesabu.

Kisha kuna waliolalamikia jibu hili:

H₂SO₄ + NaOH → NaHSO₄ + H₂O

Nalo limesawazika, na maabara inaweza kulithibitisha: ukitia alkali nusu ya kiasi kinachohitajika, unapata chumvi hii ambayo bado ina haidrojeni moja ya asidi. Litmasi ya bluu ukiichovya humo itageuka nyekundu. Ikigeuka nyekundu, asidi haijabatilishwa kabisa, na swali halijajibiwa.

Swali la 9 ndilo lililokatisha tamaa watu wengi, na kwa haki ni gumu kidogo. Sodiamu haidroksidi inatiwa tone kwa tone kwenye myeyusho wa alumini salfeti mpaka mashapo meupe yaonekane. Alumini salfeti ndiyo dawa inayotumika kwenye mitambo mingi ya kusafishia maji ili tope lishikane na kuzama. Mashapo yanayotajwa ni alumini haidroksidi, nayo yanafanana na uji mwepesi wa mhogo kuliko unga.

Al₂(SO₄)₃ + NaOH → Al(OH)₃ + Na₂SO₄

Salfeti imeingia nzima na inatoka nzima, kwa hiyo ihesabu kama kitu kimoja. OH nayo vivyo hivyo. Alumini kushoto ni mbili, basi kulia 2Al(OH)₃. Salfeti kushoto ni tatu, basi 3Na₂SO₄. Sasa sodiamu za kulia zimekuwa sita, hivyo kushoto 6NaOH. Bado OH: sita kushoto, na sita kulia. Imekamilika bila kuhesabu oksijeni hata moja:

Al₂(SO₄)₃(aq) + 6NaOH(aq) → 2Al(OH)₃(s) + 3Na₂SO₄(aq)

Aliyevunja mafungu akahesabu oksijeni atakuta kumi na nane kila upande, na hatukumkata alama. Tuliona tu kwamba wengi waliopita njia hiyo walipotea katikati.

Katika mmenyuko wa mashapo alama za hali hubeba uzito zaidi, kwa kuwa bila (s) hakuna kinachoonyesha mashapo ni yapi kati ya vitu viwili vya kulia. Sodiamu na salfeti hazijafanya lolote. Zilikuwa zimeyeyuka mwanzo na zimebaki zimeyeyuka. Ukiziondoa unabaki na mlinganyo wa ayoni:

Al³⁺(aq) + 3OH⁻(aq) → Al(OH)₃(s)

Hapa chaji nazo lazima zilingane. Kushoto chanya tatu na hasi tatu zinatoa sifuri, na kulia ni sifuri.

Wachache waliandika kwamba inatokea NaAl(OH)₄. Hao wanajua kemia, maana ukiendelea kumimina alkali hadi izidi, mashapo meupe yanayeyuka na myeyusho unarudi kuwa mwangavu. Ila swali lilisimama pale mashapo yalipoonekana.

Kuhusu maombi ya kusahihishiwa upya: yapitie kwa mkuu wa shule, kwa maandishi, ndani ya siku 14 tangu karatasi zirudishwe, yakiambatana na karatasi halisi. Picha ya simu haikubaliki, kwa kuwa (s) na (g) zilizoandikwa kwa penseli hazisomeki humo. Ombi litaje namba ya swali na alama inayodaiwa kati ya zile nne; "naomba mpitie zote" litarudishwa bila kusomwa. Karatasi iliyobadilishwa baada ya kusahihishwa inafuta ombi zima, hata kama swali jingine lilistahili kuongezwa alama. Mwombaji aelewe pia kwamba alama inaweza kushuka.

Lipo moja ambalo tumeshaacha kulipokea. Swali la 10 liliuliza kinachotokea myeyusho wa chumvi ya mezani unapochanganywa na wa potasiamu nitrati, na barua nyingi zimeleta hili:

NaCl + KNO₃ → NaNO₃ + KCl

Halina kosa la hesabu hata kidogo. Lakini chumvi za kawaida za sodiamu, za potasiamu na nitrati zote zinayeyuka majini, kwa hiyo hakuna mashapo, hakuna gesi, hakuna maji yaliyotengenezwa. Ayoni nne zilizokuwa zikielea kabla ya kuchanganya bado zinaelea. Jibu lililotakiwa ni "hakuna mmenyuko", na alama zote nne zilitolewa kwa maneno hayo mawili.