Ng'ombe wa lita 12 na ng'ombe wa lita 9, yupi anakuletea pesa?

Wafugaji wengi wa huku kwetu Malindi, kuanzia Ganda mpaka Goshi na kule Magarini, ukiwauliza ng'ombe wako mzuri ni yupi watakuonyesha yule anayejaza ndoo. Sawa, ndoo ni muhimu, lakini ndoo haikwambii ng'ombe amekula shilingi ngapi kuijaza. Na wengi wanachanganya maziwa yote kwenye kopo moja kubwa la kwenda kuuza, kwa hivo jioni mtu anajua "leo nimepata lita 21" na hapo hesabu imeishia, hajui nani kaleta ngapi na nani kala nini.

Hebu tuchukue mfano tuupige hesabu mpaka mwisho. Mfugaji ana ng'ombe wawili. Karembo ni mkubwa, chotara wa Fresiani, anatoa lita 12 kwa siku. Riziki ni chotara wa Jezi, mwili mdogo, anatoa lita 9. Maziwa yanauzwa 70 kwa lita pale pale nyumbani. Bei zote nitakazotumia hapa ni za mfano, wewe weka zako, manake bei ya gunia Malindi mjini si sawa na ya Kakoneni ukishalipa bodaboda.

Kabla ya hesabu lazima upime, na hapa ndo wengi wanapoteleza bila kujua. Maziwa pima kwa jagi lenye alama za lita, asubuhi na jioni, kila ng'ombe kivyake, na uandike palepale kabla hujachanganya. Yale ya chai ya nyumbani andika, ya ndama andika pia, hayo yote ng'ombe kayatoa, ndama ni gharama nyingine utakayoiandika mahali pake. Kama ng'ombe anatibiwa na maziwa yake yamekatazwa kuuzwa mpaka siku za dawa ziishe, andika lita zake lakini mauzo weka sifuri, chakula chake kimeliwa vilevile.

Chakula cha gunia, yaani deiri mili, watu wanapima na kopo tupu la mafuta ya kupikia la kilo mbili na wanaamini wametoa kilo mbili. Sio kweli. Kopo lile lilijazwa mafuta, na unga wa ng'ombe ni mwepesi kuliko mafuta, kwa hivo hauingii kilo mbili mle ndani. Jaza kopo lako, lipeleke dukani likapimwe kwenye mizani, toa uzito wa kopo, alafu uandike ile namba kwa maka ubavuni mwa kopo. Ukibadilisha aina ya chakula pima tena, sababu pumba ni nyepesi zaidi. Nepia nayo funga mzigo mmoja wa kawaida upime uzito, kisha unahesabu mizigo tu.

Na nepia ya shambani kwako si ya bure. Kuna aliyeikata, kuna samadi, kuna toroli ya kuileta, na jirani yako angekulipa kwa mzigo. Tuseme inakuja shilingi 4 kwa kilo. Deiri mili gunia la kilo 70 kwa 3,150, ni 45 kwa kilo. Pumba za mahindi 30 kwa kilo. Chumvi ya madini ya shilingi 20 kwa siku kwa kila ng'ombe.

Sasa Karembo kwa siku anakula nepia kilo 55, hiyo ni 220, deiri mili kilo 6 ambayo ni 270, pumba kilo 2 ambazo ni 60, na chumvi 20. Jumla 570. Gawanya kwa lita 12, unapata 47.50. Yaani kila lita ya Karembo inakula shilingi 47 na nusu ya chakula, inabaki 22.50, mara 12 ni 270 kwa siku.

Riziki anakula nepia kilo 40 kwa 160, deiri mili kilo 3 kwa 135, pumba kilo 1 kwa 30, chumvi 20. Jumla 345, gawanya kwa 9 unapata kama 38.30 kwa lita. Mauzo yake ni 630, toa 345, inabaki 285.

Umeona? Huyu wa lita 9 anamwachia mwenyewe 285 na yule wa lita 12 anamwachia 270. Lakini usikimbilie kumwita mnunuzi aje amchukue Karembo, kwanza uliza kwa nini lita yake ni ghali, na jibu liko kwenye buku ukirudi nyuma kurasa chache. Karembo yuko mwezi wa saba tangu azae. Mwezi wa pili alikuwa anatoa lita 16 akapangiwa kilo 6 za deiri mili, maziwa yakashuka pole pole kama kawaida ya ng'ombe yeyote lakini kopo la chakula halikushuka, sasa kile kinachozidi anakijengea mwili, na maziwa hayaongezeki.

Dawa yake ni kupunguza kidogo kidogo huku unaangalia buku. Nusu kilo tu, alafu unakaa kama wiki nzima hivi bila kubadilisha kitu kingine, sababu maziwa hayajibu siku hiyohiyo. Tuseme umemteremsha kutoka kilo 6 mpaka 4 na nusu, na maziwa yametoka 12 yakawa 11 na nusu. Umeokoa kilo moja na nusu, 67.50, umepoteza nusu lita, 35. Umepata 32.50 kila siku na ng'ombe anakamwa kidogo kuliko jana! Sasa Karembo anabakisha 302.50 na chakula cha lita kimeshuka mpaka kama 43.70.

Ukiendelea kupunguza mpaka 3 na nusu, maziwa yakashuka mpaka lita 10 na nusu, hapo umeokoa 45 ukapoteza 70. Umevuka mpaka, mrudishie ile kilo. Kipimo ni hiki, kilo moja ya deiri mili ni 45 na lita ni 70, kwa hivo kilo ya mwisho unayompa lazima ikulipe angalau lita 0.64 ya maziwa, ni kama nusu lita na kidogo juu. Ikilipa zaidi ya hapo mpe, ikilipa chini unamlisha pesa yako. Gunia likipanda bei au maziwa yakishuka hii namba inabadilika, kwa hivo ipige upya, ni 45 gawanya kwa 70 basi.

Ila kuna wakati jaribio hili usilifanye kabisa. Ng'ombe aliyezaa juzi, miezi miwili mitatu ya kwanza, anatoa maziwa kuliko anavyoweza kula, anapungua mwili, na ukimkatia chakula hapo hafiki kilele chake na kipindi chote kilichobaki atakamwa chini, hiyo hasara hutaiona kwenye hesabu ya wiki moja. Pia usijaribu katikati ya joto la kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, manake ng'ombe wa damu ya kizungu anashindwa na joto la pwani, anakula kidogo, maziwa yanashuka yenyewe na wewe utadhani ni kilo uliyopunguza. Maji nayo angalia. Mtungi ukikaa mkavu mchana mmoja maziwa ya jioni yatakwambia. Ndo maana kwenye buku kuwe na sehemu ya kuandika neno moja tu la siku hiyo, "joto", "maji hakuna", "kaumwa", "nepia kavu".

Sasa tuingie kwa faida yenyewe, sababu zile 302.50 na 285 zimetoa chakula peke yake. Kuna kijana wa kukama, dawa ya kupe (huku ndigana haina mchezo), minyoo, kupandisha, maji. Tuseme yote ni 150 kwa siku kwa kila ng'ombe. Karembo anabaki na 152.50, Riziki 135. Karembo kampita tena, na wafugaji wengi wanaoandika wanaishia hapa, wanafurahi, wanafunga buku.

Lakini ng'ombe hakamwi mwaka mzima. Kuna siku za kukaushwa, hazileti hata kikombe na bado anakula. Kwa hivo faida ya ng'ombe hesabu kutoka kuzaa mpaka kuzaa tena. Tuchukue zile faida za siku kama ndo wastani wake wa kipindi chote ili hesabu iwe nyepesi, wewe mwenye buku utajumlisha siku zako zenyewe.

Riziki anashika mimba mapema, anazaa kila baada ya siku 395. Anakamwa siku 335, anakauka 60. Siku 335 mara 135 ni 45,225. Akiwa mkavu anakugharimu 330 kwa siku, mara 60 ni 19,800. Inabaki 25,425, igawanye kwa siku 395 zote, ni kama 64 kwa siku.

Karembo amepandishwa mara kadhaa hashiki, tuseme kutoka kuzaa mpaka kuzaa itafika siku 510. Atakamwa 390, atakauka 120. Siku 390 mara 152.50 ni 59,475. Ukavu wake ni 350 kwa siku sababu mwili ni mkubwa, mara 120 ni 42,000. Inabaki 17,475, gawanya kwa 510, ni shilingi 34 kwa siku. Nusu ya Riziki, na hajapungukiwa maziwa wala hajala kupita kiasi tena, ni zile siku 120 tu zitamla.

Kwa hivo kwenye ukurasa wa mbele wa kila ng'ombe andika tarehe nne, ya kuzaa, ya kuonekana joto la kutaka dume, ya kupandishwa na ya kukaushwa. Kwa Karembo mimi ningeanza na hizo tarehe kabla ya kufikiria kumuuza. Ng'ombe anarudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na huku kwetu kwa jua hili dalili mara nyingi zinatoka usiku au alfajiri, zinapita haraka, anayekuja bandani saa mbili asubuhi anakuta zimekwisha. Mwangalie alfajiri na usiku kabla ya kulala, ukiona anapanda wenzake au anasimama kupandwa, au ute mwangavu unaovutika, andika na saa. Kama ni alfajiri apandishwe jioni ileile, kama ni jioni apandishwe kesho asubuhi. Hesabu siku 21 mbele utie alama kwenye kalenda. Akirudi tena mara ya tatu, mwite daktari wa mifugo ampime kizazi, na umwonyeshe zile tarehe, atakuuliza hizo kabla hajavaa glavu.