Kapcha kadi hutoa picha mbili, na moja tu ndiyo ya kuchezea

"Nikicheza PS5 kupitia kapcha kadi huku natazama laptopu, nabonyeza pasi na mchezaji anaupiga mpira baadaye. Hao wanaorusha gemu mubashara wanachezaje bila kuchelewa?"

Hawachezi wakitazama laptopu. Wanatazama runinga iliyochomekwa kwenye kapcha kadi yenyewe. Kadi nzuri ina matundu mawili ya HDMI: moja la kupokea waya kutoka kwenye konsoli, jingine la kuipeleka picha ileile kwenye runinga. Ndani yake mawimbi yanagawanyika kama maji kwenye bomba lenye njia panda. Upande mmoja yanaendelea moja kwa moja hadi kwenye runinga, upande mwingine yanashuka kwenye waya wa USB kwenda kwenye kompyuta.

Njia ya runinga haina kazi nzito. Kifaa kilichomo ndani kinapokea mawimbi na kuyatoa tena papo hapo, bila kusubiri picha nzima ikamilike. Kwa gemu ya fremu 60 kwa sekunde, fremu moja hudumu takriban milisekunde 16.7, na muda unaopotea hapa ni mdogo sana kuliko huo. Mkono hauwezi kuuhisi.

Njia ya kompyuta ndiyo yenye foleni. Hesabu kidogo inaonyesha sababu. Picha ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2. Zizidishe kwa fremu 60 na biti 12 kwa kila nukta, utapata kama gigabiti 1.5 kila sekunde. USB 2.0 kikomo chake ni megabiti 480, kwa hiyo mzigo huo haupiti. Ndiyo maana vile vidude vya bei ya chini vinavyofanana na fleshi hubana kila fremu kwanza, kisha kompyuta huifungua tena, na kila hatua hula muda wake. USB 3.0, yenye gigabiti 5, inaweza kupitisha picha bila kuibana. Hata hivyo bado kuna kupokea, kuhifadhi kidogo, kuchora kwenye OBS, ile programu ya kurekodi na kurusha gemu, na kuonyesha kwenye skrini. Kwa kadi nzuri, picha ya OBS kuwa nyuma ya runinga kwa milisekunde 50 hadi 100 ni jambo la kawaida. Kuna kadi zinazotengeneza video kamili ndani yake kabla ya kuituma, na hizo huchelewa zaidi. Kwa kurekodi hakuna tatizo. Kwa kucheza ukitazama huko, pasi zako zitapotea.

Kwa hiyo mtu akiniambia runinga yake imekuwa nzito tangu alipoweka kadi katikati, siilaumu njia ya kupitisha picha. Naangalia kwanza kilichobadilika kwenye mazungumzo kati ya konsoli na runinga. Konsoli ikiwashwa huuliza kupitia HDMI: unaweza kuonyesha nini? Kadi ikiwa katikati, jibu linapita kwake, na konsoli itaambiwa yale tu ambayo kadi inayamudu.

Chukua PS5 iliyounganishwa na runinga ya 4K yenye uwezo wa fremu 120. Weka katikati Elgato HD60 X. Kadi hiyo hupitisha 4K kwa fremu 60, na fremu 120 ukishuka hadi 1440p au 1080p. Ukiiacha konsoli kwenye 4K, gemu iliyokuwa ikikupa fremu mpya kila milisekunde 8.3 sasa inakupa moja kila 16.7. Hilo mchezaji mzoefu analihisi. Ufumbuzi ni kuingia `Settings`, kisha `Screen and Video`, kisha `Video Output`, uchague 1080p au, kama runinga yako inaikubali, 1440p, na uruhusu 120 Hz. Binafsi, kwa gemu za kupigana na za mpira, fremu 120 kwenye 1080p nazithamini kuliko 4K ya fremu 60.

Mtego wa pili ni hali ya gemu ya runinga. Runinga nyingi za kisasa huingia kwenye `Game Mode` zenyewe baada ya kupata ishara kutoka kwenye konsoli. Kadi isipoipitisha ishara hiyo, runinga inabaki kwenye hali ya sinema, ikisafisha na kulainisha kila fremu, na hapo ucheleweshaji unaweza kuzidi ule wa OBS. Chukua rimoti uiwashe `Game Mode` kwa mkono kwenye tundu hilo la HDMI. Ukitaka kujua kama kosa ni la kadi, chomeka konsoli moja kwa moja kwenye tundu lilelile la runinga, kwa mipangilio ileile. Kama uzito umebaki, kadi haihusiki.

Jambo fupi kuhusu skrini nyeusi: kama runinga inaonyesha gemu lakini OBS haina kitu, mara nyingi ni HDCP, ulinzi unaozuia picha ya HDMI isinakiliwe. Kwenye PS5 ingia `System`, kisha `HDMI`, uzime `Enable HDCP`. Ukitaka kutazama filamu kwenye aplikesheni kama Netflix, utairudisha.

Sasa upande wa OBS. Fungua sifa za `Video Capture Device`, chagua mwenyewe ukubwa wa picha na idadi ya fremu, kisha kwenye `Buffering` weka `Disable`. Itapunguza foleni, lakini haitaimaliza. Na huhitaji iishe, kwa sababu macho yako yako kwenye runinga. Masikio nayo yawe huko: vaa hedifoni zilizochomekwa kwenye runinga. Ukisikiliza gemu kutoka kwenye kompyuta, mlio wa filimbi utakufikia baada ya refa kushusha mkono.

Kuchelewa huko kunabaki na kazi moja ya kurekebisha, na wengi huisahau. Picha na sauti za gemu hufika OBS pamoja, zote zimechelewa sawa. Sauti yako hupitia maikrofoni na kufika mapema. Matokeo yake mtazamaji anakusikia ukipiga kelele "Gooo!" kabla mpira haujavuka mstari.

Pima hivi. Chomoa hedifoni ili runinga itoe sauti, isogeze maikrofoni karibu na spika, anza kurekodi, kisha bonyeza kitu kwenye menyu kinachotoa mlio mfupi na mkali. Ifungue rekodi kwenye programu yoyote inayoonyesha mawimbi ya sauti. Utaona vilele viwili: cha kwanza ni mlio wa runinga ulionaswa na maikrofoni, cha pili ni uleule uliopita kwenye kadi. Tuseme kati yao kuna milisekunde 80. Ingia `Advanced Audio Properties`, na kwenye `Sync Offset` ya maikrofoni andika 80. Rekodi tena, vilele vinapaswa kuangukiana. Rudia kipimo ukibadilisha kadi, kompyuta au idadi ya fremu, kwa sababu namba hiyo ni ya mpangilio wako tu.

Kamera ya uso ina ucheleweshaji wake, kwa hiyo usiipe 80 hiyohiyo kwa kukisia. Maliza maikrofoni kwanza, kisha piga makofi mbele ya kamera huku unarekodi. Kama mikono inakutana kabla ya sauti, iongezee kamera kichujio cha `Video Delay (Async)` kidogo kidogo hadi vikutane. Kama sauti ndiyo inatangulia, kamera yenyewe ni nzito kuliko kadi. Hapo ongeza `Sync Offset` ya maikrofoni hadi makofi yakae sawa, kisha uicheleweshe picha na sauti ya gemu kwa kiasi kilekile ulichoongeza.