Kupata koordineti si kupata zahanati

Nimeletewa tena ramani ya vituo vya afya ikiwa na ujumbe uleule: "Vituo vyote vimepata koordineti, asilimia 100, naomba uangalie rangi tu." Rangi hazikuwa na tatizo. Tatizo ni hiyo asilimia 100. Ukiipa programu orodha ya majina na ikakurudishia namba mbili kwa kila mstari, umejua kitu kimoja tu, kwamba hakuna mstari uliobaki mtupu. Hujajua kama zahanati iko pale duara lilipochorwa, na kwenye ramani ambayo ukubwa wa duara unaonyesha wagonjwa, hilo ndilo swali lenyewe. Nukta ya kawaida ikikosea mahali, msomaji anapotezwa kwa kituo kimoja. Duara likikosea mahali linahama na wagonjwa wake wote, na anayepanga dawa au watumishi anaangalia maduara makubwa kwanza.

Nichukue Wilaya ya Songwe, kwa sababu majina ya kata zake yanatosha kuonyesha shida yote. Kuna kata za Chang'ombe, Magamba, Kanga na Mbuyuni. Chang'ombe nyingine iko Temeke, na nyingine iko Dodoma mjini. Magamba iko Lushoto pia. Kanga iko Mvomero na iko Mafia. Mbuyuni sihitaji kueleza, popote penye mbuyu mkubwa pana watu waliopaita hivyo. Sasa jedwali lako limeandika "Zahanati ya Chang'ombe" na idadi ya mahudhurio, basi. Ukiuliza Nominatim, huduma ya OpenStreetMap ya kutafuta mahali kwa jina, bila kufikiri, ukachukua jibu la kwanza, unapewa lile lililopangwa juu. Upangaji huo unategemea kwa sehemu alama inayoitwa `importance`, ambayo hutokana na jinsi mahali panavyotajwa Wikipedia. Ni alama ya umaarufu. Haijui chochote kuhusu jedwali lako, na kata ya vijijini haina sababu ya kuishinda Chang'ombe ya Dar es Salaam.

Kwa hiyo usiombe jibu moja. Omba kumi, na uzihesabu:

```
https://nominatim.openstreetmap.org/search?q=Chang%27ombe&countrycodes=tz&limit=10&format=jsonv2
```

Hiyo `countrycodes=tz` inawazuia akina Majengo wa Mombasa na Nairobi kuingia kwenye ramani ya Tanzania. Ikirudisha majibu zaidi ya moja, mstari huo una utata, na uandikwe hivyo kwenye safu yake yenyewe. Ikirudisha moja tu, bado sijatulia, kwa sababu huenda ile Chang'ombe unayoitaka haijachorwa kabisa na hiyo moja uliyopewa ni ya watu wengine. Jibu la pekee linaweza kuwa jibu la uongo, na hili ndilo linalowapita wengi.

Halafu kuna ile alama ya ' katika ng'. Word na baadhi ya simu huigeuza kuwa ya kupinda, mwingine anaiacha, mwingine anaweka nafasi baada yake. Kwa kompyuta hayo ni majina manne. Kabla ya kulinganisha chochote, ninaondoa maneno ya mwanzo kama "Zahanati ya" na "Kituo cha Afya", kisha ninasafisha pande zote mbili, jedwali na orodha ya kata:

```python
import re
ufunguo = re.sub(r"[^a-z]", "", jina.lower())
```

Chang'ombe na Changombe zote zinakuwa `changombe`. Jina halisi libaki kwenye safu yake, maana ndilo litakaloandikwa kwenye ramani.

Kinachoniudhi zaidi ni kurukia ulinganishaji wa kufanana kwa herufi na kuweka kizingiti cha asilimia 85 kwa sababu mafunzo fulani yalisema hivyo. Majina yetu ya mahali yamejengwa kwa silabi chache zinazojirudia, na mengi yanaishia na -ni. Kisiwani na Kisimani zina herufi nane kila moja na zinatofautiana kwa moja, kufanana kwake ni asilimia 87.5. Zimepita kizingiti, na ni sehemu mbili zisizohusiana. Ongeza Magamba na Magomba, uone. Kizingiti kinachofaa kwa majina marefu ya Ulaya hakifai hapa. Mimi ninautumia ulinganishaji huo kuniletea wagombea tu, na sikubali mgombea yeyote mpaka kitu kingine tofauti na herufi kimuunge mkono.

Kitu hicho kwa kawaida ni wilaya na mkoa. Watu wanasema, "Basi ongeza wilaya kwenye swali, yameisha." Hayajaisha. Mkoa wa Songwe ulitangazwa mwaka 2016, ukamegwa kutoka Mbeya, na eneo la Wilaya ya Songwe kabla ya hapo lilikuwa Chunya. Jedwali la zamani litaandika "Chang'ombe, Chunya, Mbeya", na lilikuwa sahihi siku lilipoandikwa. Leo ukichuja majibu kwa mkoa wa Mbeya, unaitupa Chang'ombe iliyo sahihi. Programu haipati kitu, mchoraji anapunguza swali kuwa "Chunya, Mbeya", na zahanati inakwenda kukaa katika mji wa Chunya, mkoa mwingine. Kuandika "Songwe" peke yake nako ni mtego. Songwe ni mkoa ambao makao yake makuu ni Vwawa, katika Wilaya ya Mbozi. Songwe ni wilaya ambayo makao yake ni Mkwajuni. Songwe ni mto. Songwe ni uwanja wa ndege, na huo uwanja uko Mbeya.

Kule kupunguza swali ndiko kunakotengeneza ile asilimia 100. Baadhi ya programu hulipunguza zenyewe: zikikosa kijiji zinajibu kata, zikikosa kata zinajibu wilaya, zikikosa wilaya zinaweza kukupa nchi. Kila ngazi ina namba mbili safi zenye desimali nyingi, na hakuna kitu kwenye namba hizo kinachokuambia ni katikati ya eneo kubwa. Zahanati tano zilizokosa vijiji vyao zinarundikana nukta moja ya makao ya wilaya, na msomaji anaona hospitali kubwa ambayo haipo, huku kata tano zikionekana hazina huduma. Kuzigundua ni rahisi. Panga jedwali kwa koordineti zilizokatwa desimali nne, na kila zinapojirudia, simama. Angalia pia `addresstype` na `boundingbox` katika jibu. Kisanduku chenye upana wa nusu digrii ni kama kilomita 55, hakiwezi kuwa zahanati.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kuiweka nukta juu ya mipaka ya kata iliyotengenezwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kisha kuuliza nukta imeangukia kata gani, na kulinganisha na kata iliyoandikwa kwenye jedwali. Zikitofautiana, nukta haichorwi mpaka mtu aeleze. Kama una namba ya kituo kutoka orodha ya vituo ya Wizara ya Afya, tumia namba hiyo na uachane na majina kabisa. Ila hata hapo pitisha kipimo hikihiki. Kituo cha Songwe kina latitudo kama -8 na longitudo kama 33. Alama ya kutoa ikisahaulika, kinahamia Sudan Kusini. Namba zikibadilishana nafasi, kinaonekana Moroko, karibu na Kasablanka. Hayo ni makosa mazuri, yanajionyesha yenyewe. Chang'ombe ya Temeke haijionyeshi.

Sasa hiyo asilimia. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya hesabu tu. Wilaya ina vituo 40 na mahudhurio 240,000 kwa mwaka. Vituo 36 vimethibitishwa mahali pake, na ripoti inasema asilimia 90. Vinne vilivyobaki ni hospitali yenye mahudhurio 80,000 na zahanati tatu zenye 4,000 kila moja. Hayo ni 92,000, yaani asilimia 38 ya mahudhurio hayana mahali. Ripoti zote mbili ni za kweli, lakini kwa ramani ya aina hii ile ya pili ndiyo inayohusika, na ndiyo inayokuambia uanze kupiga simu wapi. Mimi hupanga vituo vilivyokwama kwa mahudhurio, kikubwa kwanza, na kumpigia mganga mfawidhi au ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Swali ni moja: kituo kiko kijiji gani, kata gani.

Kuchora nitakwenda haraka. Eneo la duara ndilo lifuate mahudhurio, hivyo nusu kipenyo kifuate kipeuo cha pili. Kituo cha 16,000 kina nusu kipenyo mara mbili ya kile cha 4,000, si mara nne. Vituo vilivyothibitishwa vipate duara lililojaa. Vinavyojulikana kata tu, duara tupu lenye mstari wa vipande, ndani ya kata yake. Visivyojulikana mahali vipangwe kwenye kisanduku pembeni ya ramani, kwa kipimo kilekile cha ukubwa, na jumla yake iandikwe. Kuvifuta kimyakimya ndilo jambo ambalo silikubali hata mchoraji akisema vinaharibu muonekano.

Hilo duara tupu linanisumbua bado. Jicho hulihesabu kuwa dogo kuliko lililojaa hata yakiwa sawa, kwa hiyo kituo chenye wagonjwa wengi kinapungua uzito kwa sababu tu kumbukumbu zake ni mbovu, na vituo vya namna hiyo mara nyingi viko mbali na barabara. Kata za Songwe nazo ni pana, na katikati ya kata panaweza kuwa porini, mbali na kijiji chochote. Ninapendelea kuliweka kwenye kijiji kikubwa cha kata, lakini huko nako ni kukisia. Zaidi ya theluthi moja ya mahudhurio ikikosa mahali, ninaacha maduara na kujumlisha kwa wilaya, ingawa kizingiti hicho cha theluthi nimekiweka kwa uzoefu wangu na siwezi kukitetea kwa hesabu. Na katika yote haya, MTUHA, mfumo wa taarifa za vituo vya afya, inahesabu mahudhurio. Mwenye shinikizo la damu anayerudi kila mwezi ni mtu mmoja na mahudhurio 12, kwa hiyo ufunguo wa ramani uandike "mahudhurio", usiandike "wagonjwa".