Badilisha nywila ya printa, kisha linda nywila zilizohifadhiwa ndani yake

Tuchukue ofisi ya chama cha ushirika wa korosho mjini Mtwara, ambayo printa yake ya Kyocera huskani fomu za wakulima na kuzituma moja kwa moja kwa barua pepe. Ili iweze kutuma, printa hiyo imehifadhi anwani ya seva ya barua pepe, jina la akaunti ya ofisi na nywila yake. Mipangilio hiyo iko katika ukurasa wa usimamizi, ambao mtu yeyote aliye kwenye mtandao wa ofisi, akiwemo mgeni aliyepewa Wi-Fi, huufungua kwa kuandika namba ya IP ya printa katika kivinjari. Katika modeli nyingi za kampuni hiyo, jina la kuingilia ni `Admin` na nywila ya kiwandani pia ni `Admin`.

Watumishi wengi hudhani kwamba nywila ya barua pepe iko salama kwa kuwa ukurasa unaonyesha nukta tu. Mvamizi hahitaji kuisoma. Hubadilisha anwani ya seva ya SMTP, yaani ile ya kutuma barua pepe, iwe ya kompyuta yake, hubonyeza kitufe cha kujaribu muunganisho, na printa yenyewe humpelekea jina na nywila. Baadhi ya printa hufuta nywila anwani inapobadilishwa, lakini si busara kulitegemea hilo. Ikiwa hati mlizoskani zimeacha kufika ghafla, linganisheni anwani ya seva na ile mliyoiweka. Ikiwa imebadilika, badilisheni kwanza nywila ya akaunti ya barua pepe.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Chapisha ukurasa wa hali ya printa upate namba ya IP, ingia, weka nywila mpya ndefu, kisha toka na ujaribu tena ile ya zamani: ikikubaliwa, hukuihifadhi mpya. Nywila iliyobandikwa nyuma ya printa nayo ibadilishwe. Mwezi Juni 2025 ilitangazwa kwamba nywila za kiwandani za modeli nyingi za Brother zinaweza kukokotolewa kutokana na namba ya mfululizo ya mashine. Kumbuka pia kwamba kurejesha mipangilio ya kiwandani hurudisha nywila ya awali, hivyo fundi akishaondoka, hakiki upya.

Ukiwa ndani, ipatie printa akaunti yake ya kutuma barua pepe tu, isiyo ya meneja wala ya mhasibu. Zima FTP na Telnet, njia za zamani za kuhamisha faili na kuiamuru mashine kutoka mbali, kama hazitumiki. Kwenye SNMP, njia ambayo kompyuta hutumia kuulizia hali ya printa, badilisha neno `public` linalotumika kama nywila yake, au zima kabisa matoleo ya v1 na v2c; kompyuta ikianza kuonyesha printa haipo ilhali imewashwa, rekebisha mipangilio ya SNMP katika kompyuta hiyo. Mwisho, ruhusu namba za IP za ofisi pekee kufungua ukurasa huo, ukianza na ya kompyuta unayoitumia wakati huo, kwani ukiisahau utajifungia nje na itabidi urekebishe kwa vitufe vya printa yenyewe.