Mkojo Usioshuka pH: Mawe ya Figo Yanayorudi

Dada mmoja wa Pangani, mwenye umri wa miaka 34, alifika kliniki yangu hapa Tanga akiwa ametolewa mawe ya figo mara tatu, na kila mara aliambiwa kuwa chanzo ni maji ya kisima. Mimi nilishtushwa na majibu ya damu: potasiamu 2.9 tu, na baikaboneti, inayopunguza makali ya asidi kwenye damu, 16 tu. Damu ilikuwa imezidiwa na asidi, naye hakuwa anaharisha wala hakuwa na kisukari.

Damu ikiwa hivyo, figo zenye afya huitoa asidi ile, na pH ya mkojo, kipimo ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, hufika karibu 5.3 au chini zaidi. Alikuja na mkojo wa alfajiri kwenye chupa, nao nikaukataa, kwa sababu mkojo uliokaa saa kadhaa kwenye joto hupoteza gesi yake na pH hupanda. Nilimwomba atoe mwingine palepale, tukaupima kwa mashine, kwani karatasi za rangi hukadiria tu. Ulisoma 6.8. Uoteshaji wa mkojo huo maabara haukuonyesha bakteria, jambo la lazima kuthibitishwa, maana wapo bakteria wanaopandisha pH wenyewe.

Hiyo ni asidosisi ya mirija ya figo aina ya kwanza, ambapo sehemu ya mwisho ya mirija inashindwa kusukuma asidi kwenye mkojo. Asidi inayobaki mwilini hupozwa na mifupa, ambayo huachia kalsiamu na fosfeti, na hivyo hudhoofika polepole. Kalsiamu hiyo huishia kwenye mkojo, wakati huohuo figo zikirudisha mwilini sitreti, ambayo kwa kawaida huizuia isigande. Kalsiamu nyingi, sitreti kidogo na mkojo usio na asidi: hapo mawe ya kalsiamu fosfeti hujijenga.

Aina ya pili huanzia mwanzo wa mirija, ambako baikaboneti huvuja. Mifupa huumia, hasa fosfeti ikivuja pia, lakini mawe ni nadra, na baikaboneti ya damu ikishashuka mkojo huweza kuwa na asidi kama kawaida. Aina ya nne, ninayoiona zaidi kwa wenye kisukari cha muda mrefu, hupandisha potasiamu badala ya kuishusha.

Nilimwanzishia potasiamu sitreti, inayorudisha potasiamu, kupunguza asidi ya damu na kuongeza sitreti kwenye mkojo. Aliporudi baada ya wiki sita, baikaboneti ilikuwa 22, lakini aliingiwa na hofu: “Daktari, mbona mkojo bado uko juu?” Nilimweleza kuwa dawa haikarabati mirija, tena yenyewe hupandisha pH ya mkojo. Kipimo kile kilitusaidia kuutambua ugonjwa. Maendeleo yake tunayafuatilia kwa baikaboneti na potasiamu ya damu, pamoja na kalsiamu na sitreti katika mkojo wa saa 24.