Hija ya badali: yanayosemwa vikaoni na yalivyo kisheria

Katika kikao cha familia moja hapa Kirumba, siku chache baada ya mazishi ya mzee aliyefanya biashara ya dagaa pale Mwaloni kwa miaka mingi, kijana wake mdogo alijitolea mbele ya wajomba na shangazi zake kwenda Makka kumhijia baba yake. Watu waliitikia kwa takbiri. Ni baba mdogo pekee aliyeuliza, kwa upole, kama kijana mwenyewe alikwisha kuhiji. Hakuwa amehiji. Ninayoyaeleza hapa nayaeleza kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo wanayoyafuata Waislamu wengi wa kwetu, na pale wanazuoni wengine wanapotofautiana kwa jambo kubwa nitataja.

Dhana: mtoto yeyote mwema anaweza kumhijia mzazi wake.

Anayehiji kwa niaba ya mwingine sharti awe amekwisha kuhiji hija yake ya faradhi. Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, Mtume (s.a.w.) alimsikia mtu akileta talbia kwa jina la Shubruma, akamuuliza kama amehiji kwa ajili ya nafsi yake, alipojibu kuwa bado, akaamrishwa ahiji kwanza kwa ajili yake, kisha ndipo amhijie Shubruma. Kwa hiyo kijana yule angetia nia ya baba yake, hija ingehesabika kuwa yake mwenyewe, na deni la marehemu lingebaki palepale. Wanazuoni wa Hanafi huisihisha hija ya namna hiyo, ingawa huiona kuwa makuruhu. Aliyefaa katika familia ile alikuwa dada yao mkubwa, ambaye alikwisha kuhiji. Na wanaonong'ona kwamba mwanamke hamhijii mwanamume wakumbuke kwamba mwanamke wa kabila la Khath'am ndiye aliyeruhusiwa na Mtume kumhijia baba yake.

Dhana: kama marehemu hakuusia, warithi hawadaiwi kitu.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa sababu watu huchanganya wasia na deni. Aliyekuwa na uwezo wa kuhiji akafa bila kuhiji amekufa na deni, na mwanamke wa Juhayna alipouliza kuhusu mama yake aliyeweka nadhiri ya hija akafa kabla ya kuitimiza, Mtume alimjibu kwa kumfananishia na deni ambalo mtoto angemlipia mama yake. Kwa Shafii, basi, gharama ya hija hutolewa katika mali yote kabla ya mirathi, awe aliusia au hakuusia. Kwa Hanafi na Maliki hutolewa endapo aliusia, tena katika theluthi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Marehemu ameacha shilingi milioni 60, mazishi na madeni ya watu yamechukua milioni 4, na hija ya badali tukadirie milioni 16. Kinachogawanywa ni milioni 40: mjane hupata thumni, yaani milioni 5, na milioni 35 zinazobaki huwaendea watoto, wavulana wawili milioni 14 kila mmoja na binti milioni 7. Familia ikigawa milioni 56 kwanza halafu ianze kuchangishana kwa ajili ya hija, yule aliyekwisha kununua mtumbwi kwa fungu lake hatakuwa na cha kuchangia. Lakini ikiwa marehemu hakupata kuwa na uwezo maishani mwake, hakuna deni, na mali yake haiguswi kwa ajili ya hija bila ridhaa ya warithi.

Dhana: mgonjwa au mzee yeyote anaweza kuhijiwa.

Aliye hai huhijiwa akiwa hawezi safari kwa udhaifu usiotarajiwa kuondoka, kama uzee mkongwe au kiharusi kilichomlaza bila matumaini ya kupona. Mama anayesubiri kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho hayumo, kwa kuwa anatarajiwa kupona. Mwenye maumivu ya magoti ambaye huvuka kwa kivuko kwenda Ukerewe kuwaona wajukuu naye hayumo, maana tawafu na sai hufanywa hata kwa kiti cha magurudumu. Ruhusa yake pia ni sharti: hata watoto wakilipa kila kitu, hija ya faradhi ya mtu aliye hai haisihi bila idhini yake. Akipona baadaye, kauli yenye nguvu kwa Shafii ni kwamba atahiji mwenyewe. Wamaliki wao hawaikubali kabisa niaba ya faradhi kwa aliye hai.

Limebaki suala la kumlipa mtu aliyeko huko huko Makka, jambo linalosihi, kwa kuwa kinachozingatiwa ni kuhirimia kutoka mikati, wala si lazima safari ianzie Mwanza. Tatizo ni bei ya kutupwa. Hija moja ni ya mtu mmoja, na mwenye kupokea majina matatu kwa msimu mmoja hawezi kuyatekeleza. Akihirimia kwa ajili ya watu wawili kwa pamoja, hija inakuwa yake yeye. Kabla ya kutuma fedha, familia imuulize alihiji lini kwa ajili yake, na mwaka huu amebeba jina la nani mwingine.